Ikiwa Mvua Huletwa na Bahari, Dua ni ya Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja, binti wa Mombasa aliyeolewa Mwingi, katika kaunti ya Kitui, ambako yeye na mumewe wana duka la vyakula. Chumba cha nyuma ya duka wamempangisha mwalimu kijana wa sayansi, Mkamba wa upande wa Tseikuru, mwenye adabu na asiyechelewesha kodi, ambaye alilelewa kanisani lakini siku hizi haendi kanisani wala kwingineko. Waislamu wa mji walipotangaziwa kwamba watatoka kusali sala ya kuomba mvua, kijana huyo alimwuliza mama, kwa upole na bila dharau, kwamba mvua yao hutokana na joto la bahari na mwendo wa upepo, mambo ambayo hupimwa na kutangazwa kabla ya msimu kuanza. Sasa wanapomwomba Mungu, wanamwomba abadilishe nini?

Mama anasema alimjibu kuwa asiyeamini hawezi kuelewa mambo hayo. Kijana akaomba radhi, akaenda zake, na tangu siku hiyo salamu zake zimekuwa fupi. Mama anatuuliza ni jibu gani angelitoa, na anaongeza kwamba mwanawe wa miaka kumi na minne alikuwepo kaunta akisikiliza, na jioni alimwuliza swali lile lile.

Tumeona tumwandikie mazungumzo yenyewe, kwa maneno ambayo anaweza kuyatamka mezani, kwa kuwa wengi wetu tunazijua hoja lakini hatujui neno la kwanza litoke vipi kinywani. Hata hivyo maneno hayo hayatamfaa kabla ya kujua ukweli uliomo ndani ya swali, na kiasi ambacho sisi wenyewe tunadai na tusichokidai.

Basi tuanze kwa kukiri kwamba kijana amesema kweli. Watu wa Kitui na Makueni hutegemea mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, kuliko wanavyotegemea masika, ambayo kwao mara nyingi huwa haba na isiyoaminika. Na vuli hiyo ni mtoto wa bahari hii hii tunayoitazama sisi kutoka Lamu na Mombasa. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakiwa baridi, hewa yenye unyevu hupanda upande wetu na kusukumwa bara, na vuli huwa nyingi. Mambo yakigeuka, maji ya kule yakawa ndiyo yenye joto, mvua hunyesha kule, na huku mahindi hukauka yakiwa na urefu wa goti. Aidha, mabadiliko ya bahari kuu ya Pasifiki, ambayo watu huyaita El Nino na La Nina, huongeza uzito upande mmoja au mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo, masika na vuli, ambapo mvua iliwapungukia watu wa maeneo makavu ya Kenya. Wataalamu wa hali ya anga walitahadharisha mapema juu ya vuli ya 2022, na tahadhari yao ilitimia. Mwaka 2023 hali ikageuka, na vuli yake ikaja na mafuriko.

Anayemjibu mwalimu wa sayansi kwa kuyakana hayo amekwisha kupoteza usikivu wake, na kwa haki. Wala dini haimtaki ayakane. Wako wanaoitaja hadithi ya Hudaybiya, ambapo baada ya usiku wa mvua Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kusema kwamba wamenyeshewa kwa nyota fulani, na wakadhani kwamba kusikiliza utabiri wa hali ya anga ni katika makatazo hayo. Wanavyuoni wameeleza kwamba lililokatazwa ni kuitakidi kuwa nyota ndiyo itendayo. Kusema kwamba mvua huja katika wakati fulani, au kwa dalili fulani, si katika hilo. Mabaharia wetu waliojua siku za kaskazi na kusi hawakuwa makafiri kwa kuijua bahari yao.

Sasa tutazame tunachodai sisi, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu zaidi. Februari 14, 2023, Kenya ilikuwa na siku ya kitaifa ya maombi kwa ajili ya ukame. Mwezi wa Machi mvua ikanyesha. Mama wa barua yetu angeweza kumwambia kijana, "Je, hukuona mwenyewe?" Jibu hilo ni tamu ulimini, lakini ni dhaifu. Machi ndio mwezi masika huanza, hata kama hakuna aliyeomba. Watu huomba mvua pale msimu unapokaribia au unapochelewa, kwa hiyo mvua ikija baada ya dua si ajabu kwa mwenye kuhesabu. Na mwenye kuhesabu atatuuliza juu ya dua za 2021 na za 2022, zilizoombwa kwa machozi yale yale misikitini na makanisani, na mbingu zikabaki kavu. Hatuwezi kuihesabu Machi na kuiacha misimu mitano.

Tunao mfano wa kutuongoza, na tunaona ndio uzi wa jambo zima. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, katika mwaka wa 10 wa Hijra, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema kwamba jua limepatwa kwa msiba wa nyumba ya Mtume. Fikirini, wasomaji wetu: ni baba aliyetoka kuzika, na umma mzima umekwisha kuamini kwamba mbingu zinaomboleza pamoja naye. Lau angenyamaza tu, angepata ushahidi ambao hakuna wa kuupinga. Naye akasimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Waonapo hivyo, wasali na waombe. Aliikataa hoja ya uongo ijapokuwa ilikuwa upande wake, na papo hapo akaamrisha sala. Kwa hiyo mtu anaweza kuijua sababu ya kupatwa kwa jua na bado akasali, na anaweza kuomba mvua pasi na kuitumia mvua hiyo kumshinda jirani yake kwa maneno.

Haya ndiyo mazungumzo. Maneno ya kijana tumeyakisia kutokana na barua, na mama ayageuze maneno yake kadiri hali itakavyokuwa. Aanze yeye, pasi na kungoja aulizwe tena.

MAMA: Mwalimu, karibu chai. Siku ile uliniuliza jambo, nami nikakujibu kwa ukali. Swali lako halikuwa la utovu wa adabu. Ukipenda, nitajaribu kulijibu leo.

MWALIMU: Hapana neno, Mama. Nilidhani nimekukosea.

MAMA: Hukunikosea. Kwanza nihakikishe kwamba nimekuelewa. Wasema mvua ina sababu zake, sababu hizo zinajulikana na kupimwa, basi anayeomba anaomba jambo ambalo bahari imekwisha kuliamua. Ndivyo?

MWALIMU: Ndivyo. Na kuna la pili. Mvua ikinyesha tunaambiwa Mungu amejibu. Isiponyesha tunaambiwa ni mapenzi yake. Kitu kama hicho hakiwezi kushindwa, kwa hiyo hakithibitishi chochote.

MAMA: Hilo la pili umelisema vizuri, nami nalikubali. Mvua ikinyesha kesho baada ya sala yetu, sitakuja kukugongea mlango nikuambie, "Umeona?" Nitamshukuru Mola wangu, lakini sitaifanya hoja juu yako.

MWALIMU: Basi mnaomba kwa nini?

MAMA: Nikuulize kitu kidogo. Mwanangu asubuhi anakuta uji mezani. Ukisema umeiva kwa moto, ni kweli. Ukisema upo kwa sababu mama yake aliamka mapema, nayo ni kweli. Je, la kwanza linaliondoa la pili?

MWALIMU: Haliliondoi. Lakini Mama, wewe nimekuona ukiamka. Yeye sijamwona.

MAMA: Kweli. Mfano huu hauwezi kukuthibitishia kwamba Mungu yuko, wala sikuuleta kwa ajili hiyo. Nilitaka uone jambo moja tu: kwetu sisi, kujua habari za bahari na upepo hakumwondoi mwenye bahari na upepo. Sababu za kuamini kwangu kwamba yuko ni nyingine, na siku ukitaka tutazizungumza. Hazimo ndani ya mawingu.

MWALIMU: Sawa. Lakini kama kila jambo limekwisha kupangwa, iwe na bahari au na Mungu, dua inaingia wapi?

MAMA: Unapopanda mbaazi unatia maji, husemi kwamba kama imeandikwa kuota itaota. Maji yenyewe ni sehemu ya hilo lililoandikwa. Sisi tunaamini dua nayo iko hivyo. Mola aliijua kabla sijaiomba, na akaiweka miongoni mwa sababu. Siwezi kukupimia dua kama unavyopima joto la bahari. Hiyo ni imani yangu, nami nakuambia wazi kuwa ni imani.

MWALIMU: Na wale walioomba wasipate? Mama yangu alifunga kwa ajili ya mvua mwaka 2022. Mbuzi wake walikufa wote.

MAMA: Pole, mwanangu. Hilo hukuniambia. Alikuwa na mbuzi wangapi?

Hapa tunasimamisha mazungumzo kidogo, kwa sababu tumefika mahali ambapo watu wengi huharibu.

Swali la kwanza la kijana lilikuwa la bahari na upepo, lakini kumbe nyuma yake kulikuwa na zizi tupu kule Tseikuru na mama aliyefunga. Mara nyingi ndivyo yalivyo maswali ya watu wenye shaka. Anayekuja na swali la akili huwa amelibeba juu ya jambo la moyo, na akijibiwa la akili peke yake huondoka na mzigo wake. Watu wa Ukambani wana kumbukumbu ndefu ya njaa, na kila njaa kubwa wameipa jina. Ile ya miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa wanaiita Ngomanisye. Ile ya 1984 wanaiita Nikw'a Ngwete, maana yake mtu anakufa na fedha zake mkononi, kwa kuwa zilikuwepo fedha lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya majina hayo haulizi juu ya mvua kwa ajili ya mchezo.

Ndiyo maana tumemwandikia mama aulize idadi ya mbuzi. Asikimbilie kusema kwamba dua ya mama yule imewekwa akiba. Sisi tunayo mafundisho kwamba dua ya muumini haipotei: ama hupewa alichoomba, ama huwekewa akiba ya Akhera, ama huepushwa na ovu mfano wake. Hayo ni kweli kwetu na ni faraja kwetu. Lakini kumwambia mtu asiyeamini, tena juu ya mbuzi wa mamake, ni kumlipa kwa sarafu isiyopokelewa dukani kwake. Ayasikie baadaye, akiuliza sisi wenyewe hujifariji kwa nini.

Kuhusu mfano wa mbaazi, asili yake si yetu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, amelitaja swali hili hili katika Ihya: dua ina faida gani ikiwa kadari hairudi? Akajibu kwamba dua ni sababu ya kuondoa balaa kama ngao ilivyo sababu ya kuzuia mshale, na kama maji yalivyo sababu ya kuotesha mmea. Na mwenye kushika ngao hakuikana kadari. Tunalitaja hilo ili mama ajue kwamba swali la mpangaji wake ni la kale, na kwamba limeulizwa na watu waliokuwa wakisali usiku kucha. Tuyaendeleze sasa mazungumzo, baada ya habari za mbuzi kusikilizwa hadi mwisho.

MWALIMU: Watu wengine wangeniambia alifunga bila imani ya kutosha.

MAMA: Mimi sithubutu. Sijui la moyoni mwake, na Sayyidna Umar, aliyetuzidi sote kwa imani, njaa iliwaua watu katika zama zake.

MWALIMU: Alifanya nini?

MAMA: Aliomba, na aliandika barua aletewe nafaka. Yote mawili.

MWALIMU: Hilo la barua nalielewa zaidi.

MAMA: Najua. Basi nikuambie sehemu nyingine ya sala yetu ambayo utaielewa. Kabla ya kutoka tunatakiwa tufunge, tutoe sadaka na turudishe haki za watu. Mimi na mume wangu tulikaa na daftari la mikopo usiku mzima, na tulipokuta mtu tuliyemwandikia zaidi tulimrudishia. Hata kama mvua haikunyesha, hao walirudishiwa.

Mama mwenyewe ametuandikia habari hiyo ya daftari, na ndiyo maana tumeitia. Asiyefanya hivyo asiseme kwamba amefanya. Katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi, sala ya kuomba mvua haianzii uwanjani. Imamu huwaamrisha watu kufunga siku tatu, kutubu, kutoa sadaka na kujivua na dhuluma za mali na heshima za watu. Kisha siku ya nne hutoka wakiwa wamefunga, kwa nguo za kazi na kwa unyenyekevu, pamoja na wazee na watoto. Husali rakaa mbili, khatibu huhutubu akikithirisha istighfari, na hugeuza shuka lake, upande wa kulia ukawa kushoto. Dukani, wakati wa ukame, dhuluma ina sura inayojulikana: gunia la mahindi lililofichwa stoo likingojea bei ipande. Kwa hivyo mwenye kutuuliza dua inabadilisha nini, ana haki ya kutazama kwanza bei ya unga siku tatu kabla ya sala.

Habari ya Umar (r.a.) nayo ielezwe vizuri. Mwaka wa 18 wa Hijra ulikuja ukame mkali Bara Arabu, hata ardhi ikawa kama majivu, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Umar alimtaka Abbas, ami yake Mtume, awaombee watu mvua. Na alimwandikia Amr bin Al-As ampelekee chakula, kikaja. Hatusomi popote kwamba aliona dua inamtosha hata asiandike barua, wala kwamba alipoandika barua aliona dua haina kazi. Jirani zetu wa Kitui na Makueni wanalijua hilo kwa mikono yao. Vikundi vyao vya mwethya, ambavyo wengi wa wanachama wake ni kina mama, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito yao ya msimu. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto, juu ya mwamba, na mafuriko ya msimu mmoja au kadhaa huleta mchanga unaojaa nyuma yake. Maji hujificha ndani ya mchanga ule, jua lisiyafikie, na wakati wa kiangazi watu huyachota kwa kisima kifupi. Wengi wa hao wanaobeba mawe Jumatatu, Jumapili walikuwa kanisani wakiomba mvua.

Jambo hili linatupeleka kwenye la adabu, kwa kuwa hatari kubwa ya jibu zuri ni kwamba hupata ladha yake kwa kumkebehi mtu wa tatu. Kijana huyu ana bibi, na huenda bibi yake alicheza ngoma ya kilumi kuomba mvua, au alikwenda na wazee penye mti mkubwa wa ithembo, mahali pa ibada ya Wakamba wa zamani, ambako walimwomba Ngai. Mama asije akasema, kwa kutaka kumpendeza mwalimu wa sayansi, "Sisi si kama wale wa ngoma na miti." Akisema hivyo atamtukana bibi wa mtu aliyeketi mezani pake. Tofauti ya itikadi ipo, nasi hatuifichi. Tukiulizwa tutasema kwamba sisi humwomba Mungu mmoja bila ya mshirika, kwa namna aliyotufundisha Mtume wake. Lakini kueleza yetu hakuhitaji kuyachekesha ya wengine. Imam Nawawi, katika Minhaj, ameandika kwamba watu wa dini nyingine wanaoishi nasi wasizuiwe kutoka kuomba mvua siku hiyo, ingawa watakuwa upande wao nasi upande wetu. Wengi wetu tunaposafiri kwenda Nairobi tumepita Makindu, kaunti ya Makueni, ambapo hekalu la Masingasinga humlisha kila msafiri bure pasi na kuulizwa dini yake. Mtu aliyepata kuvunja njaa yake pale hana haja ya kufundishwa namna ya kuwataja wenyeji wake.

Na mama atajuaje kwamba mazungumzo yanaharibika? Dalili ya kwanza ni kijana kuanza kusema "sawa, sawa" kwa haraka. Huko ni kutafuta mlango, na aachiwe aende. Dalili ya pili imo ndani yake mwenyewe: akijikuta amekwisha kuandaa jibu kabla kijana hajamaliza sentensi, basi hasikilizi tena. Ya tatu ni pale anapojibu maswali matatu kwa pamoja, na habari ya mvua ikageuka kuwa habari ya uumbaji, kisha ya pepo na moto. Arudi kwenye lililoulizwa, au aseme, "Hili nitaliuliza, nitakujibu wiki ijayo." Mwanawe wa miaka kumi na minne, aliye kaunta, atajifunza mengi kwa kumsikia mama yake akisema hivyo.

Limebaki swali zito kuliko yote, na kijana wa Mwingi hawezi kukosa kulifikia. Jumamosi, Desemba 4, 2021, katikati ya ile misimu mitano ya ukame, mto Enziu ulifurika, na basi lililowabeba waimbaji wa kwaya ya kanisa na jamaa zao wakienda harusini likasombwa lilipojaribu kuvuka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kijana anaweza kusema, "Mama, watu waliomba mvua mwaka mzima. Ilipokuja, iliwaua waombaji."

Asimjibu kwa kuwahukumu waliokufa. Tumewahi kusikia maneno ya kuona adhabu katika msiba wa watu wa dini nyingine, na tunasema wazi kwamba hayo ni kumzulia Mwenyezi Mungu elimu ambayo hakumpa msemaji. Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji katika waumini kuwa miongoni mwa mashahidi, kuzama, basi, si alama ya kuchukiwa. Anaweza kueleza, ikiwa kijana anataka maelezo, kwamba ardhi iliyokauka na kuwa ngumu hupitisha maji juu yake badala ya kuyanywa, kwa hiyo mvua kubwa iliyonyesha mbali, juu milimani, hufika mtoni kwa ghafula. Na anaweza kumsimulia habari ya Madina, mtu alipoingia msikitini siku ya Ijumaa akalalamikia ukame, Mtume akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata ikaja malalamiko kwamba nyumba zinabomoka na njia zimekatika. Mtume hakumlaumu mlalamikaji kwa kutoshukuru. Aliinua mikono akaomba mvua iwe pembezoni mwao, vilimani na mabondeni, isiwe juu yao. Dini inajua, basi, kwamba mvua ile ile iombwayo yaweza kuua, na imetufundisha kuomba pande zote mbili.

Lakini hayo hayajibu kwa nini watu wale, siku ile, na mama asidai kwamba yanajibu. Aseme tu kwamba hajui. Na ikiwa kijana alikuwa na ndugu, rafiki au mwanafunzi ndani ya basi lile, kama walivyo wengi wa Mwingi, basi aiweke pembeni karatasi yetu hii. Ampe pole, amwulize jina la aliyemfia, na amwachie aseme habari zake mpaka chai ipoe.

Wallahu aalam.